Kusitisha Matangazo Pekee

Meseji ya sikukuu inayotoka dukani kwetu ni ndefu kuliko za maduka mengine yote ya mtaa huu. Ikishamaliza salamu na kutaja nguo zilizoshushwa bei, inaendelea hivi: "Kusitisha matangazo ya bei pekee, tuma neno BEI kwenda namba hii, ni bure. Salamu na taarifa zetu zitaendelea. Kusitisha zote, tuma ACHA." Kaka yangu hajawahi kuipenda sehemu hiyo. Inaisukuma meseji moja iwe mbili, na kwenye kazi ya kutuma kwa watu wengi kwa pamoja kila meseji inalipiwa. Kila inapokaribia Idi au Krismasi ananitazama kwa jicho la kuomba, nami namtazama kwa jicho la kukataa, kisha anatuma kama ilivyo.

Wateja huniuliza duka la nguo za watoto lina taarifa gani hizo za kumtangazia mtu, ukiacha gauni limefika, gauni limekwisha. Nawajibu tu kwamba ni utaratibu wetu. Sina moyo wa kueleza mambo haya huku napima kitambaa.

Duka ni la baba, na hata leo, ingawa hayupo, tunaliita la baba. Liko hapa Singida mjini, karibu na soko. Babu mzaa baba alikuja kutoka pwani na marobota ya kanga, akaoa Mnyiramba, akasahau njia ya kurudi. Baba alizaliwa hapahapa, akarithi kitu kimoja cha pwani ambacho hatukuweza kumtoa: hakuweza kumpita mtu bila salamu ndefu. Mteja akiingia kununua vifungo, anaulizwa hali yake, ya mkewe, ya ng'ombe na ya mvua, na vifungo vinasubiri. Mimi nilikuwa nikikereka. Nina hasira za karibu, kila mtu anajua, na foleni ikifika mlangoni nilianza kugongagonga mkasi juu ya meza. Baba hakuusikia mkasi, au alijifanya.

Katika watu wote aliowasalimu, mmoja alikuwa na mahali pake. Alikuwa mkulima wa Ilongero, Mnyaturu, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, rika moja na baba. Walijuana zamani, baba alipokuwa akizunguka vijijini kununua alizeti kabla hajashika duka. Baba alimwita Askofu. Yeye alimwita baba Shehe. Hakuna kati yao aliyewahi kuongoza hata sala ya watu watatu, lakini walishikilia vyeo hivyo mpaka sisi watoto tukavizoea. Kila Idi, Askofu aliteremka kwenye bodaboda mlangoni kwetu na kuku aliyefungwa miguu. Kila Krismasi, baba alikwenda Ilongero na kitambaa cha kushonea wajukuu wa Askofu. Katikati ya sikukuu hizo waliandikiana meseji.

Baba aliandika kwa kidole gumba kimoja na kwa herufi kubwa tupu. Ilimchukua nusu ya asubuhi. "ASKOFU, KRISMASI NJEMA. MVUA HUKO IMESHIKA? KUKU WA IDI MLISHE VIZURI, NISIJE NIKALA MIFUPA." Mwenzake alimjibu kwa maneno machache, kwa sababu alikuwa na simu ya kitochi na uvivu wa vocha. Mara nyingi baba ndiye aliyeanza na baba ndiye aliyepiga. Ndivyo walivyokuwa, na hakuna aliyeona ajabu.

Kisha macho ya baba yakaingia ukungu. Ilikuwa mtoto wa jicho, kitu ambacho hospitali wanakiondoa, lakini baba alikuwa na mtoto wa jicho pamoja na woga wa kisu, na woga ulikuwa mkubwa zaidi. Akaacha kuandika. Akawa anakaa kwenye kiti chake cha kamba ndani, nyuma ya pazia linalotenganisha duka na chumba chake, anasikiliza sauti za wateja na kusalimu kupitia pazia. Alichosikitikia kuliko vitambaa na bei ni kwamba sikukuu zingepita bila yeye kuwasalimu watu wake.

Hapo ndipo kaka alipoleta wazo la meseji za pamoja. Ni mtu wa mambo mapya kaka yangu, na mengi huishia njiani, lakini hili lilimkaa. Alipata kampuni inayofanya kazi hiyo, akaandikisha jina la duka ili meseji ionekane inatoka kwa duka na si kwa namba ya mtu. Akachukua namba zote tulizokuwa nazo: za walioagiza sare za shule wakataka wajulishwe zikifika, za walioacha suruali ipunguzwe, za majirani, na za marafiki wa baba kutoka kwenye simu ya baba. Akaziingiza zote kapu moja. Baba akaambiwa kwamba sasa anaweza kuwasalimu watu wake wote kwa mara moja. Alifurahi kama mtu aliyerudishiwa macho. Akatoa maneno kwa mdomo, kaka akaandika, "Mzee wenu wa dukani anawatakia Idi njema ninyi na familia zenu," na chini yake kaka akaweka mashati ya watoto na bei zake. Baba hakusomewa hiyo sehemu ya chini.

Idi ile ya kwanza meseji ilikwenda bila njia yoyote ya kuikataa. Watu walijaribu kujibu, simu zikawagomea, maana huwezi kulijibu jina. Meseji inayotoka kwa jina haina pa kurudi. Kwa hiyo wakaja wenyewe. Mama mmoja aliyeacha namba yake kwa ajili ya sare ya mwanawe alisimama mbele ya meza yangu akaniuliza lini aliniomba nimtangazie mashati. Nilimwambia nitamtoa, akauliza atajuaje kama nimemtoa.

Nilimpigia dada wa ile kampuni ya meseji, aliyekuwa Dodoma, nikiwa nimejiandaa kugomba. Yeye ndiye aliyenigomba, kwa adabu. Alisema sheria ya kulinda taarifa za watu ipo, na namba mtu aliyokupa kwa ajili ya sare si ruhusa ya kumtangazia mashati. Alisema lazima mtu aulizwe kwanza, na kila meseji iwe na njia ya kujitoa iliyo rahisi na isiyomgharimu. Na kwa kuwa jina halijibiki, ingetubidi tuwe na namba fupi ambayo mtu ataitumia neno moja, mashine ilione, imwondoe hapohapo bila mtu kuombwa wala kusubiriwa. Nilimpenda yule dada. Alisema wazi yale niliyotaka kumwambia kaka.

Tukarekebisha. Kwanza tuliomba ruhusa upya, mezani, mtu kwa mtu, na hapa ndipo nataka wasomaji wanaojua watu wetu wacheke kidogo. Kaka alitunga swali la kuwauliza wateja: "Unaridhia tukutumie salamu za sikukuu?" Nani Singida hii atasimama mbele yako na kukataa salamu? Wote waliridhia. Wazee waliridhia na kushukuru. Hata yule mama wa sare aliridhia. Tuliomba ruhusa ya salamu na tukaitumia kwa mashati, na kwa kuwa kila mtu alisema ndiyo, tuliona tumefanya jambo la haki.

Kisha tukatunga maneno ya kujitoa. Mimi niliandika kwa urefu, kwamba mtu akituma neno atakuwa amesitisha matangazo ya bei, na kwamba salamu za mzee hazitakatika. Kaka akahesabu herufi. Meseji moja inabeba herufi mia moja na sitini. Ukizidisha inahesabiwa mbili. Yeye alitaka pia kile kipicha cha mwezi na nyota, na dada wa kampuni akatueleza kwamba kipicha kimoja tu kinaifanya meseji ibebe herufi sabini badala ya mia na sitini, kwa hiyo salamu zetu zingehesabiwa tatu. Kipicha kikatoka, kaka akanuna. Akiwa amenuna, alianza kupunguza maneno yangu. Likatoka "matangazo ya bei". Likatoka "salamu hazitakatika". Ikabaki: "Kujitoa tuma ACHA kwenda namba hii, bure."

Sikulipigania. Ilionekana safi na inaeleweka, na tuliijaribu kwa simu yangu: nikatuma ACHA, papo hapo ikarudi, "Umejitoa. Hutapokea tena ujumbe kutoka kwetu." Kaka akanirudisha kwenye orodha. Tuliona raha kabisa. Nilijisikia kwamba sasa hata mtu mwenye hasira kama zangu anaweza kutuondoa maishani mwake kwa neno moja bila kufika mezani kugombana.

Krismasi ilipokaribia, kaka aliachia mkono. Meseji ya punguzo, meseji ya kukumbusha punguzo, meseji ya kwamba punguzo linaisha, meseji ya kwamba limeongezwa. Zote zilianza, "Mzee wenu wa dukani anawatakia." Watu walianza kutuma ACHA, si wengi, na majina yao yalitokea kwenye ukurasa wa ile kampuni, kwenye simu ya kaka. Na baba, ambaye aliamini meseji zile ni sauti yake inatembea, alikuwa amenipa kazi ya kumsomea kila jioni watu waliojibu. Kwake, neno lolote lililorudi lilikuwa jibu la salamu yake. Nilikuwa nikimsomea juujuu, huyu kashukuru dukani leo, yule kaulizia gauni, na wale waliojitoa niliwaruka.

Jioni hiyo kaka ndiye aliyekuwa akisoma, kwa kuwa mimi nilikuwa nahudumia. Kaka haruki kitu. Nilisikia kupitia pazia akisema, bila ubaya wowote, kwamba leo wamejitoa watu kadhaa na mmoja ni Askofu.

Niliacha kitambaa mezani, nikaingia. Baba alikuwa ameelekeza uso kwa kaka kama mtu anayengoja sentensi iendelee.

"Katuma nini?" akauliza.

Kaka akamwambia katuma neno la kujitoa. Baba akauliza ni neno gani. Kaka akanitazama, mimi nikajibu kwamba ni ACHA, neno tu la mashine, kwamba linasitisha matangazo ya bei na halina uhusiano na yeye. Baba aliuliza meseji zile zinaanzaje. Ilibidi tumwambie.

"Basi zinaanza na mimi," alisema. "Na yeye kasema acha."

Nilimweleza kwa kila namna. Nilimwambia zilikuwa nyingi, kwamba mimi mwenyewe nisingevumilia, kwamba Askofu hakujua neno lile linafunga nini. Alisikiliza kwa heshima kama anavyomsikiliza mteja anayeomba apunguziwe bei. Nikamwambia nimpigie nimuulize tu. Alinikataza, na alivyonikataza nilishindwa kubisha.

"Mtu akisema acha, unaacha. Hufuati kumuuliza kwa nini."

Ni hicho hasa nilichokuwa nimekipigania kwa kaka tangu Idi.

Krismasi hiyo baba hakwenda Ilongero na hakupiga simu. Kitambaa cha wajukuu nilikuwa nimekikata tayari, rangi ya machungwa, nikakiweka juu ya rafu. Mara moja moja aliniuliza kama Askofu amepita dukani, nami nikasema bado. Aliwahi kusema, akiwa anajiongelea, kwamba pengine utani wa kuku ulizidi. Sijawahi kumhurumia baba yangu kama siku hiyo. Mtu mzima, aliyefanya biashara na mji mzima, amekaa anapekua utani wake wa miaka yote kutafuta mahali alipokosea. Nilitaka kumpigia Askofu kwa siri. Nilijiambia Idi haiko mbali. Atakuja na kuku wake, watatukanana kidogo, yataisha.

Baba alifariki katikati ya Ramadhani, asubuhi, baada ya daku, akiwa kwenye kiti chake. Hakuumwa kwa kulala. Kwetu maiti haikai, na ilikubaliwa azikwe siku hiyohiyo baada ya alasiri. Mambo yalikwenda mbio: sanda, kaburi, ndugu wa Mkiwa, ndugu wa Dodoma. Kwenye kupiga simu tulianza na wa damu, na kabla hatujafika nusu kaka alisema jambo ambalo wote tuliliona la busara. Alisema namba za watu wote wa baba ziko kwenye kapu la meseji, tuwatangazie kwa pamoja. Mimi ndiye niliyemtajia maneno, yeye akaandika huku machozi yakimdondokea kwenye simu. Ikaenda kwa wateja, kwa majirani, kwa mama wa sare. Mama wa sare alikuja, akakaa na wanawake mpaka jioni.

Watu walijaa. Nilikuwa ndani na wanawake wenzangu na sikuona nani yuko nje, na nilihesabu moyoni kwamba Askofu yuko nje. Baadaye kaka alisema hakumwona, lakini kwa umati ule asingeshangaa kumpita. Siku za msiba zikaendelea na hakutokea. Ndipo nikamkasirikia. Nilisema maneno mabaya juu yake mbele ya shangazi, kwamba urafiki wake ulikuwa wa kuku na vitambaa. Haikunijia hata kidogo kwamba mashine ilifanya kile tulichoiambia. Tuliiambia mtu aliyejitoa asipelekewe ujumbe wowote kutoka kwetu, nayo haijui bei ni nini na msiba ni nini.

Siku ya Idi tulifungua duka saa chache tu, kwa sababu watu walikuwa wakija kutupa pole na hatukutaka wakute mlango umefungwa. Nilikuwa mezani peke yangu. Bodaboda ikasimama, nikaona kuku kabla sijamwona mtu.

Alikuwa jogoo mkubwa sana. Askofu alimshika kwapani, amevaa koti lake la kanisani, ana tabasamu la mtu anayekuja kuomba radhi na kucheka kwa pamoja. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia, marahaba mwanangu, akaniuliza za sikukuu. Kisha akapaza sauti kuelekea kwenye pazia.

"Shehe, Idi njema. Leo mifupa utaikosa."

Nilitoka nyuma ya meza nikamshika mkono. Nilimwambia. Sikumbuki nilitumia maneno gani, nakumbuka jogoo alipiga mabawa na yeye hakumlegeza. Nilimpa kiti, akakaa, jogoo bado kwapani. Alitaka kujua lini, nikamwambia katikati ya mwezi. Akasema kwa muda wote huo alikuwa kwa binti yake, mbele ya kijiji cha Sepuka, anamlindia shamba la mtama kwa sababu mkwe yuko mgodini, na hakuna aliyemletea habari. Alikuwa ametoka huko moja kwa moja kuja kwetu.

"Hamkunipigia," alisema. Hakuwa analaumu. Alikuwa anatafuta tu habari ilimpitia wapi.

Nilimwambia tulituma meseji kwa watu wote. Nilipokuwa nasema "watu wote" ndipo nilipoelewa, na nadhani yeye alielewa palepale. Alimweka jogoo chini, akamkanyagia kamba kwa kiatu, akatoa simu yake ya kitochi.

"Mimi nilijitoa," alisema. "Kwa hiyo na ya msiba iliniruka."

Nikamwambia ndiyo.

"Na ile ACHA niliyotuma. Mzee aliiona?"

Ningeweza kusema hapana. Nimefikiria mara nyingi kwamba ningeweza. Lakini alinitazama usoni, na mimi uso wangu haujui kuficha kitu.

"Aliisikia. Alisomewa."

Alitikisa kichwa polepole. Aliuliza kama alisema neno. Nikamwambia alisema mtu akisema acha, unaacha. Akarudia maneno hayo kwa sauti ya chini, akasema ndiyo maana Krismasi hakupiga. Alikuwa amengoja simu yake siku nzima. Ilipopita alidhani baba amemkasirikia kwa jambo fulani, akaamua kumtafutia jogoo wa kumpoza, na huyu alikuwa amemlisha mwenyewe tangu hapo, hata huko kwa binti yake.

Kisha akanikabidhi simu, nifungue mahali pa meseji, kwa kuwa alitaka nione mwenyewe. Simu zile ndogo hazibebi meseji nyingi. Zikijaa, inayokuja inakaa nje inabisha hodi mpaka ufute mojawapo ya zamani. Alinieleza kwamba meseji za duka zilipoanza kuja mfululizo kila siku simu ilimwambia imejaa, na kila alipofuta tangazo lilikuja tangazo lingine, hadi akabaki hana cha kufuta isipokuwa zile alizokuwa amezitunza. Mjukuu wake akasoma mwisho wa tangazo, akamwambia babu, hapa wamesema ukitaka kujitoa tuma neno hili, na ni bure. Akatuma. Aliona jibu la kwamba hatapokea tena ujumbe kutoka kwetu, akajua "kwetu" ni dukani. Shehe ana namba yake, alijisemea, Shehe atapiga.

Nilifungua. Zilikuwa za baba, moja chini ya nyingine, kwa herufi kubwa tupu. ASKOFU, MTAMA UMEOTA AU NDEGE WAMESHASHIBA? ASKOFU, NIMEPATA KITAMBAA CHA MJUKUU WAKO WA MWISHO, NITAKUJA NACHO. ASKOFU, MACHO YANANISUMBUA, NIKIKOSEA HERUFI USINICHEKE. Hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Hakuwa amefuta hata moja. Alikuwa ametuambia tuache ili zile zisipotee.

Nilinyanyuka. Nilikuwa nimeshapita meza, simu mkononi, nimelishika pazia la chumba cha ndani na kulivuta, na kinywa changu kimefunguka kusema baba, hakuchoka na wewe, njoo usikie. Kiti cha kamba kilikuwa mahali pake. Juu yake tulikuwa tumeweka mito ya wageni.

Nikalirudisha pazia. Nyuma yangu Askofu aliniuliza kwa sauti ndogo kama huko ndani kuna mtu.

Nikamwambia hapana.